Uvimbe wa Shingoni Usiouma: Kisa cha Fundi Cherehani wa Tabora

Mgonjwa alikuwa binti wa miaka 22, fundi cherehani katika mji wa Tabora, aliyekuja kliniki akifuatana na mama yake na shangazi yake. Baadhi ya maelezo yake yamebadilishwa hapa ili asitambulike. Uvimbe wake haukugunduliwa na yeye mwenyewe: msusi wake, alipokuwa akimgawanya nywele nyuma ya sikio la kulia, aligusa kitu kigumu chini kidogo ya pale nywele zinapoishia, akamuuliza kama kinauma. Hakikuwa kinauma. Tangu siku hiyo hadi alipofika kwetu zilikuwa zimepita wiki nane, na kile kilichokuwa kama punje ya harage kilikuwa kimeshakua kiasi cha kuonekana hata akiwa amejifunga kitenge mabegani.

Alikuwa ametafuta tiba mara tatu kabla ya hapo. Katika wiki ya tatu alinunua amoksilini kwenye duka la dawa muhimu, akameza siku saba, uvimbe haukubadilika. Baadaye zahanati moja ilimpa siprofloksasini pamoja na dawa za maumivu, ingawa maumivu hayakuwapo. Mwisho, kituo cha afya kilimshuku kuwa na kifua kikuu, kikamtaka atoe makohozi. Kwa kuwa hakuwa akikohoa, alichotoa kilikuwa mate zaidi kuliko makohozi, na jibu likarudi kwamba vimelea havikuonekana. Hapo ndipo familia ilipofunga mjadala wa kifua kikuu. Mama alitueleza kwa uhakika kabisa: "Daktari, TB ameshapimwa, hana. Tunataka kujua ni tezi gani hii." Shangazi alikuwa na mawazo yake: kuna mzee kijijini anayechanja uvimbe wa namna hiyo na kuufunga na majani mpaka unakauka, na alikuwa tayari kumpeleka mwisho wa wiki.

Kisa hiki kinazunguka jibu lile la makohozi. Lilikuwa jibu sahihi kwa swali lisilohusika. Makohozi hueleza kilichomo ndani ya mapafu na njia ya hewa. Hayana namna ya kueleza kilichomo ndani ya tezi ya shingo. Kifua kikuu cha tezi mara nyingi hukaa kwenye tezi peke yake, na wagonjwa wake wengi wana mapafu safi kwa picha na kwa kipimo cha makohozi. Vimelea huingia kwa hewa kama kawaida, au kupitia koo, kisha hufuata mishipa ya limfu hadi kwenye tezi, ambako vinaweza kulala miaka mingi kabla ya kuamka. Kwa hiyo mtu asiyekohoa, asiye na homa na anayekula vizuri anaweza kuwa na kifua kikuu shingoni, na wengi wa wagonjwa hawa hawana ule unyong'onyevu ambao watu huutarajia kwa mwenye TB.

Uchunguzi ulianza kwa glasi ya maji. Tulimwomba anywe huku tukitazama shingo yake kutoka mbele, kwa sababu uvimbe wa tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koromeo, hupanda na kushuka mtu anapomeza. Wa kwake haukusogea. Ulikuwa upande wa kulia, nyuma ya ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi kwenye mtulinga, na kwa kuupima na utepe ulikuwa na urefu wa sentimita 3.5 na upana wa sentimita 2.5. Vidole vilipoupapasa vilibaini kwamba haukuwa kitu kimoja: zilikuwa tezi tatu zilizoshikamana, na ile kubwa ilikuwa laini kidogo katikati. Ngozi ya juu ilikuwa ya rangi yake ya kawaida na haikuwa na joto. Hakukuwa na maumivu hata tulipobonyeza.

Kila kimoja kati ya hivyo kina uzito wake. Tezi iliyovimba kwa sababu ya jino bovu, mafindofindo au kidonda cha kichwani huwa inauma, ina joto, na huanza kunywea baada ya wiki mbili au tatu. Tezi za kifua kikuu hushikamana, kisha hulainika katikati kwa kuwa ndani yake tishu imekufa na kugeuka usaha, lakini bila joto wala wekundu. Waganga wa zamani waliuita uvimbe wa namna hiyo jipu baridi. Limfoma, yaani saratani inayoanzia kwenye tezi zenyewe, mara nyingi hutoa tezi zinazobonyea na kurudi kama mpira, tena mara nyingine zipo kwapani na kinenani pia. Tezi iliyobeba saratani iliyosafiri kutoka mahali pengine huwa ngumu kama jiwe na imeganda mahali pake, haisogei. Ni lazima niseme mapema kwamba vidole peke yake havitoi hukumu. Nimeona tezi ngumu ikawa kifua kikuu na tezi laini ikawa limfoma. Kupapasa kunasaidia kuamua ni kipimo gani kianze na kwa haraka kiasi gani, basi.

Kwa sababu hiyo hatukuishia shingoni. Tulitazama ngozi ya kichwa, masikio, meno, ulimi na koo. Tukapapasa lile shimo lililo juu ya mtulinga pande zote mbili, kwapa, kinena, ini na bandama. Vyote vilikuwa sawa. Uzito wake ulikuwa kilo 46, naye alikiri kwamba sketi zake alikuwa amezipunguza kiunoni mara moja, jambo ambalo fundi cherehani huliona kabla ya mizani. Homa za usiku hakuwa nazo. Tulimuuliza pia kuhusu maziwa, kwa kuwa mkoa huu una ng'ombe wengi na kuna aina ya kimelea cha kifua kikuu kinachotoka kwa ng'ombe kupitia maziwa yasiyochemshwa, ambacho hupenda tezi za shingo. Kwao nyumbani maziwa huchemshwa, isipokuwa akienda kwa babu.

Hapa inafaa kueleza ni uvimbe gani unahitaji vipimo na upi unaweza kusubiri, kwa sababu si kila tezi inayoshikika shingoni ni ugonjwa. Watoto na vijana wembamba wengi wana tezi ndogo zinazoteleza chini ya kidole, zisizozidi sentimita moja, na hizo zinaweza kukaa hivyo miaka bila madhara. Tezi iliyojitokeza baada ya mafua au jino kuuma, nayo inaweza kuachwa au kupewa dawa mara moja kisha ikaangaliwa tena. Kinachobadilisha hesabu ni muda, ukubwa na mahali. Tezi iliyodumu zaidi ya wiki nne hadi sita bila kupungua, au inayoendelea kukua, au iliyozidi takribani sentimita mbili, inapaswa kuchukuliwa sampuli. Tezi iliyo kwenye shimo la juu ya mtulinga haisubiri hizo wiki nne, iwe kubwa au ndogo, kwa kuwa mahali hapo ndipo hujitokeza saratani za kifua na, hasa upande wa kushoto, saratani za tumboni. Vivyo hivyo kwa mtu aliyevuka miaka 40 mwenye tezi ngumu, hasa kama amevuta sigara au kutumia tumbaku kwa muda mrefu, au kama sauti imekwaruza, kumeza kumekuwa kugumu, sikio moja linauma bila sababu au pua upande mmoja inatoa damu: huyo ni wa kuangaliwa koo na nyuma ya pua kabla ya kitu kingine. Na yeyote anayepumua kwa shida kwa sababu ya uvimbe, au ambaye uso na mishipa ya shingo vimemvimba, haendi kliniki ya wiki ijayo, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Binti yetu alikuwa amevuka mipaka miwili, ya muda na ya ukubwa. Kumpa kozi nyingine ya antibiotiki kungekuwa kupoteza wiki nyingine, na katika suala hili aina ya dawa nayo ina maana. Kujaribu amoksilini mara moja hakuna ubaya. Siprofloksasini na ndugu zake ni jambo tofauti, kwa kuwa kundi hilo la dawa linaweza kudhoofisha vimelea vya kifua kikuu bila kuviua, kipimo kikafichwa na ugunduzi ukacheleweshwa. Hatari zaidi ni predinisoloni na deksamethasoni, ambazo baadhi ya watu huuziwa kwa ajili ya "kuondoa uvimbe". Dawa hizi huweza kuifanya tezi ya limfoma inywee kwa wiki kadhaa, mgonjwa akafurahi, na kipande kikichukuliwa wakati huo kisionyeshe chochote cha maana. Kwa bahati nzuri hizo hakuwahi kupewa, na kwa kuwa siprofloksasini alikuwa ameimaliza zaidi ya wiki mbili nyuma, hatukuona sababu ya kuahirisha.

Alipimwa VVU baada ya kushauriwa, akawa hana. Kipimo hiki hakikwepeki kwa yeyote mwenye tezi zilizodumu, kwa sababu VVU vyenyewe huvimbisha tezi, na pia huongeza uwezekano wa kifua kikuu na wa limfoma. Picha ya damu ilionyesha upungufu mdogo tu wa damu. Eksirei ya kifua ilikuwa safi, na mama alipoiona alisema tena, "Si mnaona?" Tulimjibu kwamba tunaona, na kwamba sasa tunataka kuona ndani ya uvimbe wenyewe.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyokiogopa. Inatumika sindano nyembamba, geji 22 au 23, yenye bomba la mililita 10, na kwa kawaida haihitaji ganzi kwa kuwa sindano ya ganzi ingeuma kiasi kile kile. Mgonjwa hulala chali, ngozi husafishwa, tezi hushikwa imara kati ya vidole viwili, kisha sindano huingia kupitia ngozi nzima iliyo pembeni kidogo ya pale palipolainika, ili tundu lisije likageuka mfereji wa usaha. Bomba huvutwa, sindano ikapelekwa mbele na nyuma mara kadhaa ndani ya tezi, mvuto ukaachiwa ndipo sindano itolewe. Kwa binti huyu ilitoka mililita moja na nusu hivi ya usaha mzito wa rangi ya malai, usio na harufu. Tone moja lilipakwa kwenye vioo kwa ajili ya saitolojia, yaani kutazama seli kwa hadubini, na kilichobaki kikawekwa kwenye kichupa kisafi kikavu. Hili la mwisho si dogo: sampuli ya TB ikitumbukizwa kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, vimelea hufa na haiwezi tena kuoteshwa, na mimi nisingethubutu kuipeleka kwenye mashine ya kupima vinasaba pia. Pale ambapo mhudumu amezoea kutia kila kitu kwenye formalini, ni vema mtu amkumbushe kabla, maana baada hakuna marekebisho.

Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliuliza kama kuchoma kutaifanya saratani "itawanyike", iwapo ni saratani. Swali hili huulizwa karibu kila mara, na ndilo huwafanya wengi wakimbie. Jibu ni kwamba sindano nyembamba ya namna hii haijulikani kusambaza saratani za shingo kwa kiwango cha kumdhuru mgonjwa, na kinachoharibu mambo ni miezi inayopita bila jibu. Kuchanja kwa wembe ni suala jingine kabisa. Tezi ya kifua kikuu ikipasuliwa kama jipu la kawaida, iwe na mganga wa kienyeji au na daktari, kidonda kinaweza kukataa kufunga na kuvuja usaha kwa miezi, kikaacha kovu lililokunjamana ambalo wazee wa Tabora wanalifahamu kwa kuliona shingoni mwa watu.

Mashine ya GeneXpert ilitoa jibu siku ile ile. Kwenye kioo palisomeka hivi:

```
MTB DETECTED LOW
Rif Resistance NOT DETECTED
```

Maana yake ni kwamba vinasaba vya kimelea cha kifua kikuu vimepatikana kwa kiasi kidogo, na hakuna dalili ya usugu dhidi ya rifampisini. Neno hilo la kiasi kidogo lisimdanganye mtu. Kwenye tezi vimelea mara nyingi huwa vichache, na ugonjwa ni ule ule. Vioo vya saitolojia vilisomwa baadaye, vikaonyesha granuloma, yaani vikundi vya seli za kinga zilizokusanyika, na tishu iliyokufa katikati, picha inayolingana na kifua kikuu, bila seli za saratani.

Je, kama mashine ingesema haikuona kitu? Swali hili naliona lina thamani kuliko jibu tulilopata, kwa kuwa kwa sampuli za tezi GeneXpert hukamata takribani wagonjwa wanne kati ya watano wenye kifua kikuu, na kumwacha wa tano. Jibu hasi lingetufanya tutazame saitolojia, tuoteshe vimelea, kazi inayoweza kuchukua hadi wiki sita, na kama bado hakuna jibu, tumpeleke akatolewe tezi nzima. Hii ni operesheni ndogo, na tezi hiyo hukatwa vipande viwili: nusu kwenye formalini kwa patholojia, nusu bila formalini kwa vipimo vya kifua kikuu. Kwa limfoma tezi nzima haina mbadala mzuri, kwa sababu mtaalamu wa patholojia anahitaji kuona jinsi seli zilivyojipanga ndani ya tezi, na sindano humletea seli zilizovurugika kama shanga zilizokatika uzi. Kutoka Tabora, mgonjwa ambaye jibu lake linaelekea kwenye saratani kwa kawaida huelekezwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako kuna patholojia na tiba ya saratani mahali pamoja. Kama tezi ni ngumu na inashukiwa kubeba saratani ya koo, hapo mpangilio hugeuka: koo hutazamwa kwanza na sindano hutangulia, kwa kuwa kuiondoa tezi kabla ya kujua chanzo kunaweza kuharibu operesheni kubwa inayofuata.

Matibabu yalianza kwa vidonge vinne-ndani-ya-kimoja vya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, vidonge vitatu kila siku kwa uzito wake, kwa miezi miwili. Kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Dawa hizi nchini hutolewa bure. Aliambiwa kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa na asiogope, lakini macho yakigeuka manjano, au uoni ukififia, au akitapika mfululizo, arudi mara moja. Kulikuwa na jambo jingine ambalo alilisema mama yake alipotoka nje kidogo: alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Rifampisini hupunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge, hivyo alipelekwa kwa muuguzi apate njia nyingine ya kutumia kwa muda wote wa matibabu na wiki kadhaa baada yake. Watu wa nyumbani walichunguzwa kwa dalili, si kwa sababu tezi ya shingo huambukiza kwa hewa, maana haifanyi hivyo mapafu yakiwa safi, bali kwa kuwa huenda aliyemwambukiza zamani yumo humo humo.

Mwezi wa pili ulileta mtihani ambao ndio huwafanya wengi waache dawa. Uvimbe uliongezeka hadi sentimita 4.5, ukalainika, ngozi ikaanza kuwa nyembamba, na tezi mpya ndogo ikachomoza chini yake. Mama alikuja amekasirika. "Dawa anameza mbele ya macho yangu, daktari. Mbona linakua?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa kifua kikuu cha tezi, takribani mgonjwa mmoja kati ya watano hupitia hali hii katika miezi ya mwanzo, na sababu yake ni kinga ya mwili inayoamka na kushambulia mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa. Lakini hatukuitangaza sababu hiyo kabla ya kuondoa nyingine: tulihesabu vidonge vilivyobaki, tukapitia upya saitolojia, tukamuuliza kama kuna homa au kupungua zaidi. Uzito ulikuwa umepanda hadi kilo 48 na vidonge vilikuwa vimepungua kama inavyotakiwa. Mtu anayekonda huku tezi zikikua angetupeleka kwingine, kwenye usugu wa dawa au kwenye limfoma iliyokaa pamoja na kifua kikuu, na hapo tezi nzima ingetolewa bila kusubiri.

Usaha ulinyonywa tena kwa sindano, mara mbili kwa kupishana wiki moja, ili ngozi isipasuke yenyewe. Dawa hazikubadilishwa wala kuongezwa. Kufikia mwezi wa nne uvimbe ulikuwa umerudi sentimita mbili, na alipomaliza mwezi wa sita ilibaki tezi moja ngumu ya sentimita moja, isiyouma na isiyokua, pamoja na kilo 51 kwenye mizani. Aliuliza kama aendelee na dawa mpaka iishe kabisa. Hapana, tezi iliyopona mara nyingi huacha kovu linaloshikika, na kuongeza miezi ya dawa kwa ajili ya kovu hakumsaidii. Kwenye kadi yake tuliandika ukubwa wa tezi hiyo kwa milimita na mahali ilipo, tukampa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, na maelekezo kwamba ikizidi ukubwa ule, au ikitokea nyingine, sampuli ichukuliwe upya kabla ya kuanzishiwa dawa yoyote.